Asilimia au shilingi?

Hatifungani mbili zimebakiza miaka 5 kuiva, na kila moja italipa shilingi 100 siku hiyo. Hatifungani A hutoa riba ya shilingi 4 kila mwaka, B hutoa shilingi 14. Bei zake sokoni zinampa mnunuzi faida ileile ya asilimia 10 kwa mwaka. Soko likianza kudai asilimia 11, bei ya ipi itashuka kwa asilimia kubwa zaidi: A, B, au zitashuka sawa?

Swali hili lilimkuta mwanafunzi mmoja wa Nairobi katika mtihani wa majaribio wa ngazi ya kwanza ya CFA, shahada ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji. (Maswali ya mtihani wenyewe watahiniwa hula kiapo kutoyatoa nje.) Mtihani una vipindi viwili, kila kimoja maswali 90 kwa dakika 135, yaani dakika moja na nusu kwa swali. Alichagua A mara moja, akaendelea. Zikiwa zimebaki dakika chache alirudi kupitia majibu, na alipolifikia swali hili akaingiwa na wasiwasi: B ina fedha nyingi zaidi ndani yake, basi soko likigeuka si ndiyo itakayopoteza zaidi? Akasogeza kishale hadi kwenye B.

Wasiwasi huo haukuwa wa kijinga. Ukitafuta thamani ya leo ya malipo yote, A ina bei ya shilingi 77.26 na B shilingi 115.16. Faida ikipanda hadi asilimia 11, A inashuka hadi 74.13 na B hadi 111.09. Kwa hiyo A imepoteza shilingi 3.13, na B shilingi 4.08. Kwa shilingi, kweli B ndiyo iliyoumia zaidi.

Lakini swali liliuliza asilimia. Shilingi 3.13 kati ya 77.26 ni asilimia 4.05, ilhali 4.08 kati ya 115.16 ni asilimia 3.54 tu. A ndiyo jibu, kama alivyochagua mwanzo.

Sababu yake iko kwenye muda ambao fedha yako hukaa nje kabla ya kurudi. Mwaka 1938 mchumi Frederick Macaulay alipendekeza tusiipime hatifungani kwa tarehe ya kuiva peke yake, bali kwa wastani wa miaka ya kusubiri, kila malipo yakihesabiwa kwa uzito wa thamani yake ya leo. Katika A, asilimia 80 hivi ya bei inatokana na ile shilingi 100 ya mwaka wa 5. Riba ndogo za njiani hazipunguzi sana kungoja. Katika B, shilingi 100 hiyohiyo ni asilimia 54 tu ya bei, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha inarudi mapema kupitia riba. Kadiri fedha inavyosubiriwa muda mrefu, ndivyo mabadiliko ya soko yanavyoigusa zaidi. Ndiyo maana hatifungani isiyolipa riba kabisa ina wastani wa kusubiri ulio sawa na miaka yake yote hadi kuiva, na hakuna hatifungani ya kawaida ya umri huo inayoizidi.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu alipookoka. Hakuwa na muda wa kupiga hesabu zote hizi upya kwenye kikokotoo. Alijiuliza tu: riba ya A ikishushwa hadi sifuri, ingekuwaje? Fedha yote ingengoja mwaka wa 5, na wastani wa kusubiri ungerefuka. Basi riba ndogo huongeza hatari, haiipunguzi. Akalisoma swali tena, macho yakatua kwenye neno «asilimia», akaliacha jibu lake.

Walimu wengi wangesema aliokolewa na ule ushauri wa kutobadili jibu la kwanza. Mimi sikubali. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti wa karatasi za mtihani za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakifuatilia alama za kufutwa. Asilimia 51 ya majibu yaliyobadilishwa yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi. Asilimia 25 tu yaliharibika. Kubadili, kwa jumla, kulisaidia. Kilichomfaa mwanafunzi huyu ni kuupima wasiwasi wake kwa hesabu ndogo kabla ya kubonyeza. Na kama swali lingeuliza ni hatifungani ipi itakayopoteza shilingi nyingi zaidi, hesabu zilezile zingemwelekeza B, na kubadili ndiko kungekuwa sahihi.