Meza ya Jiko Hupimwa kwa Kiwiko

Mlango hupimwa kwa mtu mrefu, maana mfupi hapati hasara yoyote akipita. Meza ya jikoni haina bahati hiyo. Kipimo chake ni kiwiko. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 155 akisimama wima, kiwiko chake huwa karibu sentimita 97 kutoka sakafuni. Kukata mboga kunataka meza iwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hivi, yaani 87. Kusukuma chapati kunahitaji uzito wa mwili, kwa hiyo 80 inafaa zaidi. Fundi anayejenga 90 kila nyumba humlazimisha mama huyu kuinua mabega anaposukuma, na shingo huanza kuuma. Sinki ni kinyume: mikono hufanya kazi ndani, karibu na kitako chake, hivyo ukingo unaweza kupanda kidogo.