Mota ya Sinkroni: Kasi Isiyoyumba na Mkondo Unaotangulia

Mota ya sinkroni ina sehemu kuu mbili. Stata, ambayo haizunguki, hubeba koili za fezi tatu. Koili hizo zikipata umeme wa gridi, hutoa usumaku unaozunguka ndani ya mota ingawa zenyewe zimetulia. Rota iliyo katikati nayo ina koili, lakini hizi hupewa mkondo mnyofu, hivyo rota huwa sumaku yenye ncha zisizobadilika. Ncha ya kaskazini ya rota hushikana na ncha ya kusini ya usumaku wa stata, na zote huzunguka pamoja.

Kasi ya usumaku huo hutegemea mambo mawili tu: masafa ya gridi na idadi ya ncha. Mizunguko kwa dakika ni 120 mara masafa, ikigawanywa kwa idadi ya ncha. Kwa gridi ya hezi 50, kama ya Tanzania na Kenya, mota ya ncha 4 huzunguka mara 1,500 kwa dakika na ya ncha 6 mara 1,000. Mota ya induksheni lazima ibaki nyuma kidogo ili rota yake ipate umeme. Rota ya sinkroni haina haja hiyo, kwa kuwa usumaku wake tayari umetengenezwa. Hata hivyo kasi yake haizidi uthabiti wa gridi: masafa yakishuka hadi hezi 49.5, mota ya ncha 4 itazunguka mara 1,485.

Mzigo ukiongezeka, kinachobadilika si kasi bali pembe. Rota hurudi nyuma kidogo ya usumaku wa stata, kisha huendelea kwa kasi ileile. Mvuto kati yao hufanya kazi kama mpira wa manati: kadiri unavyonyooshwa ndivyo unavyovuta kwa nguvu zaidi. Kwa rota ya mviringo nguvu hiyo hufikia kilele pembe ya umeme ikiwa nyuzi 90. Mzigo ukizidi hapo, rota huachia na kutoka kwenye hatua. Dalili zake ni mtetemo mkubwa na sindano ya ampea inayocheza kwenda na kurudi. Mota lazima izimwe mara moja.

Kwa sababu hiyohiyo mota hii haiwezi kuanza yenyewe. Rota iliyosimama huvutwa mbele na nyuma kwa zamu, na jumla ya mivuto hiyo ni sifuri. Ndiyo maana vipande vya shaba huzamishwa kwenye nyuso za ncha, ili mota ianze kama ya induksheni. Inapokaribia kasi kamili, mkondo mnyofu huingizwa na rota hunaswa.

Mkondo huo wa rota ndio unaotawala pawa fakta. Volteji ya gridi haibadiliki, kwa hiyo jumla ya usumaku ndani ya mota lazima ibaki karibu ileile. Rota ikipewa mkondo mdogo, stata hujazia upungufu kwa kuvuta kutoka kwenye gridi mkondo wa kusumakisha, ambao huchelewa nyuma ya volteji. Mkondo wa rota ukitosha kabisa, stata huvuta mkondo wa kazi peke yake: ampea zake hufikia kiwango cha chini na pawa fakta ni 1. Ukiongezwa zaidi, usumaku wa rota huzidi mahitaji, na stata hulazimika kuvuta mkondo wa kuupunguza. Mkondo huo hutangulia volteji, na mbele ya gridi mota huonekana kama kapasita. Muda wote huo kasi haibadiliki.

Chukua kiwanda chenye mzigo wa kilowati 1,000 kwa pawa fakta 0.8 inayochelewa. Kinavuta kilovari 750. Kikiongeza mota ya induksheni ya kilowati 300 yenye pawa fakta hiyohiyo, jumla inakuwa kilovolti-ampea 1,625, sawa na ampea 85 kwenye laini ya volti 11,000. Mota hiyo ikiwa ya sinkroni na ikiendeshwa kwa 0.8 inayotangulia, hufuta kilovari 225. Zinabaki 525, jumla inashuka hadi kilovolti-ampea 1,402, ampea karibu 74, na pawa fakta hupanda hadi 0.93. Kazi ni ileile, lakini transfoma na nyaya hubeba mzigo mdogo.

Kikomo cha faida hiyo ni joto: koili za rota na za stata zote hupata mkondo mkubwa zaidi, hivyo mota ya kazi hii hujengwa kubwa kuliko mzigo wake unavyodai. Mkondo wa rota ukikatika ghafla, stata huvuta mkondo mkubwa unaochelewa na mota hupoteza hatua. Kwa hiyo relei ya kulinda dhidi ya hali hiyo ni sehemu ya lazima ya mtambo.