Wanja wa buluu kwenye jicho la kahawia

Siku mbili kabla ya harusi ya mdogo wake, binamu yangu alikaa dirishani na kioo cha mkono, mbele yake penseli tatu za wanja: nyeusi, buluu ya giza inayokaribia weusi, na buluu ya nili, ile ya kufulia shuka nyeupe. Macho yake ni ya kahawia iliyokolea. Ukimtazama kwa mbali utaapa ni meusi. Lalamiko lake lilikuwa moja: kila akipaka wanja mweusi, macho yanazidi kuzama.

Nilimwambia ajaribu zote tatu, kila moja kipande kidogo kwenye ukingo wa chini wa jicho. Watu wengi dukani huchora nyuma ya kiganja, lakini kiganja hakina kope wala jicho la kulinganisha. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa huo ndio umbali ambao wageni wangemwona. Mweusi uliungana na kope zake na mboni, vyote vikawa kitu kimoja. Buluu ya giza, ambayo muuzaji alimsifia sana, niliiona nyeusi vilevile. Ile ya nili ikafanya jambo jingine: ghafla niliona kwamba macho yake ni ya kahawia, tena yana wekundu wa mbali kama chai ya rangi ukiinyanyua kwenye mwanga.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi ya nyuzi zao imefifia. Aliichunguza akakuta nyuzi hazina kasoro. Kilichowadanganya ni rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1839 kilieleza kwamba rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma mwenzake upande wa pili. Buluu huisukuma jirani kuelekea rangi ya chungwa, zambarau huisukuma kuelekea manjano, na nyekundu kuelekea kijani.

Sasa, kahawia ni nini kama si rangi ya chungwa iliyotiwa giza? Ndiyo maana buluu inayang'arisha kahawia kuliko rangi nyingine yoyote. Ila hapa ndipo ushauri mwingi unapowapoteza wenye ngozi nyeusi. Buluu ya giza juu ya ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, karibu na kope nyeusi, haionekani kama buluu, na rangi isiyoonekana haiwezi kumsukuma jirani. Inatakiwa buluu yenye mwanga na yenye kufunika vizuri. Lakini usivuke ukaenda kwenye buluu ya maziwa: penseli zilizofifishwa kwa weupe huacha ukungu wa kijivu juu ya ngozi nyeusi, kama mtu aliyepita jikoni akashika majivu.

Wanja mweusi hatukuutupa. Binamu yangu aliuchora mwembamba kabisa, penseli ikigusa mashina ya kope za juu, kisha buluu ikakaa juu yake, upana wa milimita mbili hivi. Bila huo mweusi, kati ya kope na buluu hubaki ufa wa ngozi, na mstari unaonekana kama umeelea. Baada ya kupaka, alitazama chini kwa nusu dakika bila kufumbua jicho wima, ili wanja ukauke usije ukachapa alama kwenye kope la juu. Kwenye joto la pwani hiyo nusu dakika ina maana kubwa.

Jambo moja tu nililosahau, na usiku wa harusi liliniumiza, ni taa. Balbu za manjano zina mwanga kidogo wa buluu, kwa hiyo ile nili iliyometa dirishani ilionekana imepoa ukumbini. Shughuli ikiwa ya usiku, jaribu wanja chini ya taa ya aina hiyohiyo, na uchague buluu iliyochangamka zaidi kuliko unavyodhani inahitajika.

Kwa maskara, mwenye kope nyeusi abaki na nyeusi. Maskara ya buluu juu ya kope nyeusi huonekana kwenye ncha tu, na mara nyingi mtu akisogea karibu anadhani kuna uchafu. Kazi ya rangi iachiwe wanja, na kazi ya maskara iwe kuzinyanyua kope. Ukiitaka sana buluu, zipake kwanza rangi nyeupe ya msingi wa kope, uisubiri ikauke, ndipo upake maskara ya buluu.

Kuna macho mengine, ya rangi ya asali, yaliyo na kahawia kuzunguka mboni na kijani kuelekea pembeni. Wenyewe husema yanabadilika kulingana na nguo, na hawakosei: yana rangi zaidi ya moja, na jirani ndiye huamua ipi itokeze. Zambarau huinua dhahabu iliyomo. Damu ya mzee, yaani nyekundu iliyoiva ikaingia weusi, huinua kijani. Ila nyekundu ina hatari yake, kwani ikigusa mashina ya kope jicho huonekana limelia au halikulala. Hapa nako tanguliza mstari mwembamba mweusi au wa kahawia, uwe ukuta kati ya wekundu na jicho. Maskara ya kahawia iliyokolea yawafaa hawa ikiwa kope zao si nyeusi tii.

Macho ya buluu, ambayo mitaani tunayaita ya paka pamoja na yale ya kijani na ya kijivu, hayana rangi ya buluu ndani yake. Yana melanini kidogo sana, na mwanga unapotawanyika ndani ya nyuzi zake ndipo tunaona buluu. Wenye macho haya mara nyingi hununua wanja wa buluu ili ufanane na jicho, nao huliibia mwanga wake. Wanaohitaji ni shaba au kahawia yenye wekundu. Kope zao zikiwa hafifu, maskara nyeusi huzipa ukali usio wao, na ya kahawia hukaa vyema zaidi.

Bado sijasema neno kuhusu wanja wa manga, ule wa unga na kijiti tuliorithi kwa bibi zetu. Weusi wake unaometa unavutia, lakini wanja wa aina hiyo mara nyingi husagwa kutoka kwenye jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini ni sumu, hasa kwa watoto wachanga wanaopakwa machoni na nyusini. Kwa jicho, huwezi kuutofautisha na ule usio na risasi. Kama pakiti haitaji kilichomo ndani, usiununue. Na maskara yoyote ukishaifungua ihesabie miezi mitatu, kwa sababu brashi huingiza vijidudu vya kope ndani ya kichupa kila inaporudi. Binamu yangu aliandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino kwenye mfuniko wa yake, asubuhi ya harusi, kabla hajampokonya mdogo wake aliyetaka kuiazima.