LPO kwanza, kazi baadaye

LPO ni hati ambayo kampuni inayonunua humpa mtoa huduma, ikitaja kazi, idadi na bei iliyokubaliwa. Thamani yake iko kwa mhasibu. Ankara inapofika, mhasibu huilinganisha na karatasi mbili: LPO, na hati iliyosainiwa kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Zote tatu zikikubaliana, malipo yanaingia kwenye foleni. Bila namba ya LPO hana cha kulinganisha nacho, na mifumo mingi ya uhasibu haimruhusu hata kuiingiza ankara hiyo. Ndiyo maana hurudishwa, ingawa kazi ilifanywa vizuri na meneja mwenyewe aliiona.

Tuseme fundi wa viyoyozi wa Mombasa amekubaliana na hoteli kuhudumia viyoyozi 12 kwa shilingi 4,500 kila kimoja. Hiyo ni 54,000, na VAT ya asilimia 16 ikiongezwa inakuwa 62,640. Kabla ya kupakia ngazi na vifaa, baruapepe kama hii inatosha:

"Bwana Meneja, salamu. Asante kwa kukubali bei yetu ya viyoyozi 12, jumla shilingi 62,640 pamoja na VAT. Mafundi wako tayari kuanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Kabla hawajaanza, tunaomba LPO yenye idadi na bei hiyo, jina la kampuni yetu kama lilivyosajiliwa, na jina la atakayetusainia kazi ikiisha. Idara yenu ya uhasibu haipokei ankara isiyo na namba ya LPO, nasi hatungependa malipo yakwame. Tukiipata kufikia Ijumaa adhuhuri, ratiba haitabadilika."

Barua hiyo haimtuhumu mtu. Inataja siku ya mwisho, na inaeleza utaratibu wa ofisi ya mteja mwenyewe, ambao huenda meneja hakuukumbuka.

Kuchelewa kuna gharama. Nchini Kenya, ankara ikishatolewa kupitia eTIMS, mamlaka ya kodi, KRA, inaiona. VAT yake, hapa shilingi 8,640, hudaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hoteli imeirudisha ankara na haijalipa chochote. Kuiondoa kunahitaji hati nyingine ya kuibatilisha.

LPO iliyoandikwa baada ya kazi haiponyi kila kitu, kwa sababu tarehe yake huonyesha kwamba kazi ilitangulia idhini, na wakaguzi huliulizia jambo hilo. Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, hutokea LPO ikiwa tayari mkononi. Meneja anasema, "Malizieni na vile viwili vya mapokezi." Ankara inaandikwa ya viyoyozi 14, LPO inasema 12, na malipo yote yanasimama, pamoja na ya vile 12 visivyo na ubishi. Fundi mzoefu huomba LPO irekebishwe kabla hajafungua kiyoyozi cha 13.