Malalamiko ya unyanyasaji kazini: jinsi ya kuyaandika ili yachunguzwe

Mfanyakazi anayesumbuliwa kingono kazini humweleza dada yake, halafu rafiki yake, halafu pengine mchungaji wake. Mara nyingi mwajiri ndiye wa mwisho kuambiwa, ilhali ndiye sheria imempa wajibu wa kuchukua hatua. Wakazi wengi wanaofanya kazi kwenye maduka, maghala, shule na ofisi za Mukuyuni na maeneo jirani wana simu zenye barua pepe. Kwa hivyo njia rahisi ya kumfikishia mwajiri malalamiko, na kubaki na ushahidi kwamba yalifika, ni barua pepe moja iliyoandikwa vizuri.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaeleza unyanyasaji wa kingono ni nini. Ni pale mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza anapomtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi ya upendeleo au kwa tisho la kumharibia kazi. Ni pia maneno, picha au kuguswa kwa namna ya kingono ambako mfanyakazi hakukutaka na kunakomdhuru katika kazi yake. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hili, inayoeleza malalamiko yanapelekwa kwa nani. Kabla ya kuandika lolote, mfanyakazi aiombe sera hiyo na kuisoma.

Fikiria mfano wa karani wa ghala ambaye msimamizi wake anamsumbua. Mfano huu ni wa kubuni, lakini barua yake inaonyesha mambo ambayo mchunguzi huyatafuta. Pale penye mabano, mwandishi halisi angeweka jina.

> Subject: SIRI: Malalamiko ya mfanyakazi
>
> Kwa Afisa wa Rasilimali Watu,
>
> Mimi ni karani wa ghala, na nimefanya kazi hapa tangu Januari 2023. Ninawasilisha malalamiko kuhusu mwenendo wa msimamizi wangu (jina na cheo).
>
> 1. Jumanne, 4 Machi 2025, mwendo wa saa kumi jioni, tukiwa wawili ndani ya ghala, aliniambia: "Ukinikubali, kandarasi yako itaongezwa." Nilimjibu kwamba sitaki, nikatoka nje. Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Nilipotoka nilikutana na (jina), nikamweleza papo hapo.
>
> 2. Jumatano, 12 Machi 2025, saa tatu na dakika kumi usiku, alinitumia kwa WhatsApp picha ya mwanamke aliye uchi. Sikujibu. Ujumbe huo bado uko kwenye simu yangu na ninaweza kuuonyesha.
>
> 3. Alhamisi, 20 Machi 2025, orodha ya zamu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Jina langu halikuwa kwenye zamu za Jumamosi, ambazo nimezifanya tangu mwaka jana. Sikuelezwa sababu.
>
> Tangu tarehe 4 ninaogopa kuingia ghalani peke yangu.
>
> Ninaomba malalamiko haya yachunguzwe kwa mujibu wa sera ya kampuni, na nisiwe chini ya usimamizi wake wakati wa uchunguzi. Ninaomba pia jina langu lijulikane tu kwa wale wanaohusika na uchunguzi. Tafadhali nijibu kwa maandishi kuthibitisha kwamba umepokea barua hii.
>
> (Jina, nambari ya mfanyakazi, 24 Machi 2025)

Katika barua yote hakuna neno la kumtukana msimamizi. Hakuitwa mshenzi wala mzinzi. Maneno kama hayo hayawezi kuchunguzwa. Yanachoweza kuchunguzwa ni kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu fulani alisema jambo fulani. Sheria hiyo hiyo ya Ajira, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze anayelaumiwa makosa yake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza kabla ya kumfuta kazi kwa utovu wa nidhamu. Akiambiwa tu kwamba "huwa anasumbua wanawake", atakana kwa neno moja na jambo litaishia hapo. Akiambiwa kuhusu ghala, saa kumi jioni, tarehe 4 Machi, lazima aeleze alikuwa wapi.

Kwa sababu hiyo tarehe isibuniwe. Ikiwa barua inataja tarehe 4 na msimamizi akaonyesha kwamba siku hiyo alikuwa safarini Machakos, hata matukio mengine ambayo ni ya kweli yataanza kutiliwa shaka. Asiyekumbuka siku kamili aandike anachokumbuka: "wiki ya pili ya Februari, siku moja baada ya mishahara kulipwa." Mchunguzi anaweza kuipata tarehe kwenye rekodi za mishahara. Ni afadhali zaidi kuandika kila tukio kwenye daftari jioni ya siku ile ile, kwa kuwa kumbukumbu ya baada ya miezi mitatu huchanganya mambo.

Maneno yaliyosemwa yaandikwe kama yalivyosemwa, katika lugha iliyotumika. Kama msimamizi alizungumza Kikamba, Kikamba kiandikwe, kisha maana yake ifuate. Tafsiri peke yake huacha nafasi ya mtu kudai kwamba hakueleweka. Barua yenyewe inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza, kwa kuwa zote mbili ni lugha rasmi za taifa.

Tukio la tatu linahitaji uangalifu. Karani huenda anaamini kwamba aliondolewa kwenye zamu kwa sababu alimkataa msimamizi. Lakini hilo hakuliona wala hakuambiwa. Alichokiona ni orodha bila jina lake, na ndicho alichokiandika. Msomaji akiweka tarehe 4 karibu na tarehe 20 ataliuliza swali hilo mwenyewe, na msimamizi ndiye atakayepaswa kueleza kwa nini zamu zilibadilishwa.

Barua pia inasema wazi jinsi mlalamikaji alivyojibu, kwa sababu sheria inazungumzia mwenendo ambao haukutakiwa. Aliyekataa aseme alikataa. Aliyenyamaza kwa hofu aandike hivyo hivyo: "Niliogopa, sikujibu." Kunyamaza si aibu na si kukubali, lakini kudai baadaye kwamba alikataa ilhali hakufanya hivyo kutaiharibu barua yote.

Kuhusu siri, wafanyakazi wengi hukosea kwa kudhani maana yake ni kwamba anayelaumiwa hatajua kamwe nani amelalamika. Hilo haliwezekani katika kesi kama hii, kwa sababu waliokuwa ghalani ni watu wawili tu. Sheria inataka sera ya mwajiri iahidi kwamba jina la mlalamikaji na mambo yaliyompata hayatatolewa, isipokuwa pale inapohitajika kwa uchunguzi au kwa hatua za nidhamu. Hiyo ndiyo siri anayoweza kuidai: kwamba habari itabaki kwa wachache wanaoihitaji na haitazungumzwa jikoni wala kwenye vikao vya wafanyakazi. Mahakama nazo hujali jambo hili. Katika kesi ya P.O. dhidi ya bodi ya wadhamini ya A.F., iliyoamuliwa na mahakama ya masuala ya kazi mwaka 2014 na iliyohusu unyanyasaji wa kingono kazini, hukumu ilichapishwa kwa herufi za mwanzo tu za majina.

Mlalamikaji naye ana sehemu yake. Barua iende kwa mtu mmoja, yule aliyetajwa kwenye sera, na nafasi ya Cc iachwe wazi. Ikiwa anayelaumiwa ndiye afisa huyo wa rasilimali watu, ipelekwe kwa mkuu wake. Itumwe kutoka anwani binafsi, kwa sababu ya ofisini inaweza kufungwa siku mtu anaposimamishwa kazi. Isibandikwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi, hata kwa kutafuta kuungwa mkono. Na kama kuna mwenzake aliyepatwa na mambo hayo hayo, asimtaje bila idhini yake. Anaweza kumweleza kwamba amelalamika, na mwenzake aamue mwenyewe kama ataandika.

Ujumbe wa WhatsApp usifutwe, hata kama unachukiza. Picha ya skrini inasaidia, lakini simu yenye ujumbe wa asili ina nguvu zaidi. Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B inadai cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Simu ikipotea au ujumbe ukifutwa, cheti hicho kinakuwa kigumu kupatikana.

Hofu kubwa ni kufutwa kazi. Kifungu cha 46 kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mfanyakazi, isipokuwa ikithibitishwa kwamba malalamiko yalitolewa kiholela na bila msingi. Hapo ndipo tarehe na maneno halisi yanapomlinda mwandishi mwenyewe. Mwajiri asipojibu, mfanyakazi atume barua ya pili akitaja tarehe ya ile ya kwanza. Akiendelea kunyamaza, au ikiwa ni biashara ndogo isiyo na sera wala afisa wa rasilimali watu, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa afisa wa leba wa serikali kuu, au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa kawaida madai ya ajira hayapokewi baada ya miaka 3, na kwa madhara yanayoendelea muda ni miezi 12 tangu yalipokoma. Kwa hivyo kungoja "mambo yatulie" kunaweza kumfungia mtu mlango.

Kuna mambo ambayo barua pepe hayatoshi. Mtu aliyebakwa au kushambuliwa anatakiwa kwenda hospitalini kwanza, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifanyi kazi zikichelewa zaidi ya hapo. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zihifadhiwe. Kisha apige ripoti polisi na kuchukua nambari ya OB. Nambari 1195 hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na anayejibu humwelekeza aliyedhulumiwa mahali pa kupata matibabu na usaidizi wa kisheria. Barua kwa mwajiri inaweza kuandikwa siku inayofuata, ikiwa na tarehe, saa na ile nambari ya OB.