Kusasisha Programu Dhibiti ya Ubao Mama: Umeme Ukikatika Katikati

Kompyuta inapowashwa, kabla Windows haijaanza, ipo programu ndogo inayoamka kwanza. Kazi yake ni kutambua prosesa, kumbukumbu na diski, kisha kuipisha Windows ianze. Hiyo ndiyo programu dhibiti, ambayo kwenye skrini huandikwa BIOS au UEFI, nayo huhifadhiwa katika chipu iliyo juu ya ubao mama. Watengenezaji hutoa matoleo mapya ili kuziba mianya ya usalama au kuuwezesha ubao kupokea prosesa mpya. Iwapo toleo jipya haligusi usalama wala tatizo ulilo nalo, huna haja ya kuharakisha.

Kwa nini umeme ni jambo la kwanza

Chipu hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sehemu inayohusika hufutwa kwanza, ndipo maandishi mapya yaingizwe. Kazi yote huchukua dakika chache, lakini katika dakika hizo programu ya zamani haipo tena na mpya haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, kompyuta itakapowashwa tena inaweza kukosa programu ya kuiamsha. Mafaili yako kwenye diski hayakuguswa. Kilichoharibika ni maandishi ya chipu.

Kabla ya kuanza

Andika `msinfo32` katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, ufungue programu itakayojitokeza, kisha unakili jina la ubao na toleo lililopo. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee, ukihakikisha kuwa jina la ubao linalingana herufi kwa herufi. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, sitisha ulinzi huo kwa muda na uweke mahali salama ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwani unaweza kuombwa baada ya kusasisha.

Kisha angalia umeme. Hakikisha uniti za LUKU zinatosha, usianze wakati wa mvua ya radi, na ikiwezekana unganisha kompyuta na kifaa cha akiba ya umeme, yaani yupiesi, ambacho umekwisha kukijaribu. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa na chaja ichomekwe. Kazi ikianza, usizime kompyuta hata skrini ikiwa nyeusi au mashine ikijiwasha upya zaidi ya mara moja. Subiri walau dakika kumi na tano kabla ya kuamua kwamba kuna hitilafu.

Mfano: duka la uchapaji

Tuchukue mfano wa mwenye duka la uchapaji anayesasisha kompyuta ya mezani yenye ubao wa MSI. Kazi ikiwa nusu, uniti zinaisha. Umeme unaporudi, feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi na hakuna nembo inayotokea. Fundi wa kwanza anamwambia anunue ubao mpya.

Kabla ya kulipa, anaangalia nyuma ya kompyuta na kuona kitufe kidogo pamoja na tundu la flashi lenye maandishi Flash BIOS. Kitufe hicho huuwezesha ubao kuandika chipu upya bila kuhitaji programu iliyoharibika. Kwa kutumia kompyuta nyingine, anaandaa flashi kwa mfumo wa FAT32, anaweka faili sahihi na kulibadilisha jina lote kuwa `MSI.ROM`. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya wake umechomekwa ukutani, anaingiza flashi kwenye tundu hilo na kubonyeza kitufe. Taa inamemeta kwa dakika kadhaa, kisha inazimika. Anapoiwasha kompyuta, nembo inatokea.

Si kila ubao una kitufe hiki, na jina la faili hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Soma kijitabu cha ubao wako. Baadhi ya bao zina chipu ya pili ya akiba. Katika kompyuta mpakato nyingi za HP, hushikiliwa vitufe vya Windows na B pamoja huku ukiwasha. Kuondoa betri ndogo ya ubao hufuta mipangilio tu. Hakurejeshi programu iliyofutika.

Njia zote zikishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuiandika moja kwa moja au kuibadilisha. Muulize kama anacho kabla hujakubali kununua ubao mpya. Ikiwa ubao bado uko ndani ya dhamana, upeleke kwanza kwa muuzaji pamoja na risiti, bila kumruhusu mtu mwingine kuufungua.