Koma Ina Mwenyewe: Alama na Tarakimu Makala ya Utafiti Inapohamia Kichina na Kijapani

Katika makala ya utafiti ya Kiingereza, nambari 12,500 haimsumbui mtu. Koma iliyomo imekuja kutenga maelfu tu, na jicho linaipita. Makala hiyo ikitafsiriwa kwa Kichina, kisha mtu mwenye haraka akaiagiza kompyuta igeuze kila koma ya Kiingereza kuwa koma ya Kichina, nambari itatoka hivi: 12，500. Msomaji wa Beijing sasa anaona vitu viwili, kumi na mbili na baadaye mia tano, kama vile mwandishi anaorodhesha. Agizo hilohilo likitolewa kwa nukta, 0.05 inageuka 0。05, yaani sentensi imeishia kwenye sifuri na nyingine imeanza na sifuri tano.

Kosa hili linatokana na umbo lenyewe la maandishi ya Kichina na Kijapani. Kila herufi huketi ndani ya mraba wake, na miraba yote ni sawa. Alama za uakifishi nazo hupewa mraba mzima. Kituo cha Kichina, 。, ni kiduara kidogo kilichokaa pembe ya chini kushoto, na sehemu iliyobaki ya mraba ni tupu. Utupu huo ndio nafasi inayofuata sentensi, kwa hiyo anayeandika Kichina habonyezi kitufe cha nafasi baada ya kituo wala baada ya koma. Taiwani na Hong Kong huweka koma na kituo katikati ya mraba badala ya pembeni, lakini mraba ni uleule. Wajapani huziita alama za mraba mzima zenkaku, na zile za nusu mraba, ambazo ndizo tunazozipiga sisi kila siku, hankaku.

Mgawanyo huo ulikazwa na kompyuta. Mwaka 1978 Japani ilitoa kiwango cha herufi kiitwacho JIS C 6226, ambamo kila herufi ya Kichina ilihifadhiwa kwa baiti mbili, wakati herufi ya Kilatini ilikuwa ikihifadhiwa kwa moja. Kwenye skrini za wakati huo herufi ya baiti mbili ilichukua safu mbili, ya baiti moja safu moja. Kiwango hicho kilikuwa pia na tarakimu na herufi za Kilatini za baiti mbili, na Yunikodi ilipokuja ikazirithi zote. Ndiyo maana leo koma ya kawaida ni U+002C na koma pana ni U+FF0C. Machoni zinafanana, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili zisizohusiana.

Mfasiri basi hawezi kuuliza, "Koma ya Kichina inaandikwaje?" akamaliza. Anapaswa kuuliza juu ya kila koma: hii ni ya nani? Ikiwa ni ya sentensi ya Kichina, inakuwa pana. Ikiwa ni ya nambari, fomula, anwani ya mtandao au kichwa cha makala ya Kiingereza kilichonukuliwa, inabaki nyembamba kama ilivyokuja. Tuchukue sentensi ya aina inayopatikana katika makala nyingi za tiba:

```
We enrolled 12,500 patients (aged 40-60 years); in the three hospitals, 15-30% of them had diabetes, hypertension, or asthma.
```

Inasema kwamba wagonjwa 12,500 wa umri wa miaka 40 hadi 60 waliandikishwa, na kwamba katika hospitali tatu asilimia 15 hadi 30 kati yao walikuwa na kisukari, shinikizo la damu au pumu. Kwa Kichina cha China bara inaweza kuwa hivi:

```
我们纳入了12 500例患者（年龄40～60岁）；三家医院中，15%～30%的患者患有糖尿病、高血压或哮喘。
```

Koma ya maelfu imegeuka nafasi nyembamba. Kiwango cha taifa cha China juu ya nambari katika machapisho, GB/T 15835 cha mwaka 2011, kinaruhusu koma nyembamba au nafasi, na nafasi ina faida kwamba haiwezi kugeuzwa kuwa koma pana na mtu wa baadaye. Tarakimu zenyewe ni za nusu mraba. Mabano na nuktamkato ni pana kwa sababu vinaihudumia sentensi ya Kichina, ingawa ndani ya mabano kuna tarakimu. Idadi ya hospitali imeandikwa kwa herufi ya Kichina, 三, kwa kuwa ni hesabu ndogo ndani ya maelezo, si kipimo.

Koma za Kiingereza zenyewe zimegawanyika. Ile iliyofuata hospitali imekuwa ，, lakini iliyofuata kisukari imekuwa 、, alama ambayo Kiingereza hakina na sisi pia hatuna. Kazi yake katika Kichina ni kutenga vitu vya orodha ndani ya sentensi, wakati ， hutenga vipande vya sentensi. Msomaji Mchina akiona koma ya kawaida kati ya magonjwa hayo anafikiri kwamba kipande kimeisha, kisha analazimika kurudi nyuma. Nayo koma ambayo waandishi wengi wa Kiingereza huweka kabla ya neno la kuunganisha la mwisho imefutwa kabisa, kwa sababu 或 haitanguliwi na 、.

Kijapani kinakwenda njia nyingine:

```
患者12,500名(40〜60歳)を登録した。3病院では、15〜30%の患者に糖尿病、高血圧または喘息がみられた。
```

Hapa 、 inafanya kazi zote mbili, ya orodha na ya kutenga vipande. Nuktamkato haimo. Maandishi ya Kijapani huitumia kwa nadra sana, kwa hiyo sentensi imekatwa kuwa mbili. Lakini mfasiri asidhani kwamba 、 na 。 ni sheria kila mahali. Mwaka 1952 serikali ya Japani iliagiza nyaraka zake za mistari ya mlalo zitumie koma pana ， pamoja na 。, na ni Januari 2022 tu mwongozo mpya ulipoifanya 、 kuwa kanuni, huku ， ikiruhusiwa bado. Majarida mengi ya sayansi na uhandisi yanataka jozi ya tatu, ， na ．, koma pana na nukta pana, ambazo zinakaa vizuri kando ya fomula. Mwongozo wa jarida husika ndio unaoamua, na unasomwa kabla ya sentensi ya kwanza kufasiriwa. Kwenye majarida ya jozi hiyo ya tatu hatari ni kubwa zaidi, maana ． pana na . nyembamba hufanana kiasi kwamba jicho lililochoka halizitofautishi.

Alama ya "hadi" inastahili uangalifu. Kichina hutumia kiwimbi, ~, na kiwango nilichokitaja kinataka asilimia iandikwe pande zote mbili: 15%~30%, si 15~30%, kwa kuwa ya pili inaweza kusomwa kama 15 hadi asilimia 30. Sababu hiyohiyo inakataza 9~16亿 pale panapokusudiwa 9亿~16亿. Wajapani kwa kawaida huridhika na asilimia moja mwishoni. Kiwimbi chenyewe kina pacha: Windows ilikipa kiwimbi cha Kijapani namba U+FF5E, wakati mifumo mingine ilikipa U+301C. Hati iliyopita kwenye kompyuta mbili huwa na vyote viwili, na anayetafuta kimoja hapati kingine.

Nambari kubwa hugeuka zaidi ya alama. Kiingereza hupanda kwa elfu: elfu, milioni, bilioni. Kichina na Kijapani hupanda kwa elfu kumi: 万 ni 10,000, na elfu kumi za hizo ni 亿, ambayo Kijapani huiandika 億. Milioni 2.4 ni 240万. Bilioni 1.2 ni 12亿. Kosa la kawaida ni kuandika 24万, ambayo ni laki mbili na elfu arobaini, yaani sehemu moja ya kumi ya idadi halisi. Njia ya kuligundua ni kuandika tarakimu zote pembeni, 2400000, kisha kukata nne kutoka kulia. Ndani ya majedwali ni salama zaidi kuacha tarakimu kamili na kutogeuza kitu.

Nafasi ndiyo inayozusha ubishi mwingi. Neno la Kilatini likikutana na herufi ya Kichina au Kijapani, kama PCR法, wapanga chapa hutaka mwanya kidogo kati yao. Desturi ya Kijapani ni robo ya mraba. Waandishi wengi wa mtandaoni hubonyeza kitufe cha nafasi ili waupate. Kwa makala ya jarida siwashauri kufanya hivyo. Programu za kupanga kurasa, na hata Word, huuongeza mwanya huo zenyewe, na nafasi iliyopigwa kwa mkono huurefusha kupita kiasi. Tena anayetafuta PCR法 hataikuta PCR 法. Nafasi ya kuachwa ni ile ya kipimo: 5 mg huandikwa kwa nafasi, ilivyo desturi ya vipimo vya kimataifa, wakati 5毫克, miligramu zikiwa kwa Kichina, haina.

Kuna alama moja inayowashinda hata wahariri wazoefu. Alama za nukuu za China bara, “ ”, zina namba ileile ya Yunikodi na zile za Kiingereza zilizopinda. Hakuna pana na nyembamba. Fonti ndiyo inayoamua upana. Fonti ya Kilatini ikizishika katikati ya maneno ya Kichina, zinabanwa na kuonekana ngeni. Hapo kubadilisha herufi hakusaidii. Unazichagua na kuzipa fonti ya Kichina. Kijapani na Kichina cha Taiwani hazina tatizo hili kwa kuwa hutumia 「」.

Kazi ikiisha, utafutaji mmoja unanasa makosa mengi. Huu unatafuta tarakimu pana, au koma na vituo vipana vilivyonaswa kati ya tarakimu:

```
grep -nP '[０-９]|\d[，．、。]\d' makala.txt
```

Kila mstari unaotokea unasomwa na mtu, haurekebishwi kwa agizo moja, maana "第1、2组", kundi la kwanza na la pili, ni sahihi na litatokea pia. Baada ya hapo tafuta koma nyembamba zilizobaki kati ya herufi mbili za Kichina. Orodha ya marejeo ichunguzwe peke yake: kazi za Kiingereza zilizotajwa humo hubaki na koma, nukta na nafasi zake za Kiingereza.